Mkono Mzito na Kingo za Gati

Mume wa dada yangu hajui kidogo. Ukimwomba chumvi anakuletea kopo. Akimpaka mwanawe mafuta, mtoto anateleza mikononi kama sabuni na kwenda shule uso unameremeta hata mwalimu anakunja jicho. Akikukumbatia, unahesabu mbavu zako baadaye. Tangu ujana wake wenzake kazini walimwita Mkono Mzito, naye alilipokea jina hilo kama cheo.

Ni fundi rangi. Amepaka milango, matangi ya maji, mageti ya shule, na gati la kivuko pale ufukweni. Hilo gati ndilo lililomtia doa.

Alilipaka miaka minane iliyopita. Kwa ule mkono wake, alimimina rangi hadi nguzo zikaonekana zimenenepa. Mwaka wa kwanza gati liling'aa. Mwaka wa pili likaota malengelenge. Baadaye rangi ikaanza kubanduka vipande vikubwa kama maganda ya muhogo, na chini yake chuma kilikuwa kimevaa kutu nyekundu. Abiria wanaosubiri kivuko chini ya paa la gati walidondokewa na maganda kichwani, kwenye vikapu, kwenye vikombe vya chai. Mtaani wakaacha kumwita Mkono Mzito. Wakamwita Maganda.

"Maganda, habari za asubuhi."

"Shikamoo, Mzee Maganda."

Kinyozi ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Kila shemeji alipokaa kwenye kiti, kinyozi alimkagua kichwa kwa makini, kisha akauliza wateja wengine, "Hiki nikinyoe au nisubiri kibanduke chenyewe?"

Shemeji alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Dada aliniambia kwamba kivuko kikimpeleka sokoni, mumewe hugeuza uso upande wa bahari mpaka gati lipotee nyuma. Mtu mzima, amekaa kwenye benchi, anaangalia maji kana kwamba ameona papa.

Habari zilipokuja kwamba gati lote litakwanguliwa na kupakwa upya, shemeji alikuja kwangu kabla sijamaliza kunawa uso. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi huko, stoo ya rangi. Rangi zenyewe zinakuja kwenye makopo mawili, rangi na kigumishi chake, na kazi yangu ni kuyachanganya kwa kipimo na kuhakikisha hayakai sana kwenye ndoo, maana yakishachanganywa yanaanza kuganda, upende usipende.

"Shemeji," aliniambia, "nipeleke kwa nyapara. Lile gati nilipake mimi."

"Ulishalipaka wewe."

"Ndiyo maana. Nimeshajua kosa."

"Kosa lilikuwa nini?"

Alitazama huku na huku, akanong'ona kama mtu anayetoa siri ya serikali. "Rangi ilikuwa haitoshi. Safari hii naongeza."

* * *

Nyapara alimkubali kwa sababu mafundi walikuwa wachache. Lakini nyapara hakuwa na neno la mwisho. Neno la mwisho lilikuwa la mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye sauti ya chini na mkoba mweusi asiouweka chini hata akinywa chai. Ndani ya mkoba kulikuwa na vioo, vipimajoto, vitana vya chuma, na kimashine kidogo cha kushika kiganjani ambacho ukikigusisha kwenye chuma kilichopakwa kinakuambia rangi ina unene gani. Unene huo husemwa kwa mikroni, na mikroni elfu moja ndizo zinazofanya milimita moja. Kwa hiyo mafundi, bila kumwuliza, walimwita Mama Mikroni. Siku aliposikia, alisema tu, "Afadhali. Kazi iliyopita waliniita Kutu."

Alitukusanya kwenye kibanda cha mabati na kutusomea masharti ya kazi, yale ambayo sisi tuliyaita spesi. Alisoma taratibu, kama mtu anayesimulia safari. Chuma kwanza kioshwe mafuta kwa sabuni, kisha kioshwe chumvi kwa maji baridi ya bomba. Kisha kipigwe mchanga wa chuma kwa upepo mkali mpaka kiwe cheupe karibu chote, na kiwe na ukwaruzi wa kushika rangi. Kipimwe chumvi tena. Kipakwe siku hiyohiyo, kabla hakijaanza kutia wekundu. Tabaka la kwanza rangi ya zinki, mikroni sitini. Tabaka la kati, rangi nzito ya epoksi, mikroni mia mbili. La juu, la kuzuia jua, mikroni sitini. Na asubuhi, chuma kikiwa na baridi kuliko hewa kiasi cha kukaribia kutoa jasho, hakuna kupaka. Chuma lazima kiwe na joto nyuzi tatu zaidi ya lile ambalo umande hutungia.

Shemeji aliinua mkono. "Mama, hiyo sitini ya zinki, ndiyo ya chini kabisa, siyo? Mtu akiwa na moyo anaweza kuongeza?"

"Hapana. Wastani usipungue sitini, na pasiwe na mahali pa chini ya arobaini na nane. Juu, mwisho mia na ishirini."

"Kuna mwisho wa juu?"

"Kila tabaka lina mwisho wa juu."

Nilimwona shemeji akiganda. Hajawahi katika maisha yake kusikia kwamba kitu kizuri kina mwisho wa juu.

Kisha mkaguzi akatoa lile sharti lililotutia joto. Hakuna atakayegusa gati kabla ya kupita jaribio. Kila fundi atapewa bamba lake la chuma, lenye kipande cha chuma cha pembe kilicholehemewa na bolti kadhaa, alipake kwa bunduki ya kupulizia rangi na kwa brashi. Jaribio la bunduki lina nafasi mbili. Atakayeshindwa atahamia kwenye kubeba magunia ya mchanga wa kupigia.

Tuliporudi nyumbani, shemeji alisimama karibu na mlango.

"Nikibeba magunia," alisema, "mtaani watasema hata maganda yamenikataa."

* * *

Kabla ya jaribio mkaguzi alituchukua chini ya gati kuangalia rangi ya zamani. Nadhani hakujua ilipakwa na nani, au alijua na akajifanya hajui. Alichagua lengelenge kubwa kwenye nguzo, akalitoboa kwa ncha ya kisu. Maji yakachuruzika.

"Haya maji yametoka wapi?" aliuliza.

"Mvua," alisema nyapara.

"Mvua iliingiaje ndani ya rangi isiyo na tundu?"

Shemeji hakuweza kuvumilia. Alichovya kidole, akalamba. Mkaguzi alifumba macho kama mtu aliyeona mtoto akila udongo.

"Chumvi," alisema shemeji.

"Usilambe tena kitu chochote kazini," alisema mkaguzi. "Lakini ndiyo, chumvi. Ilikuwa juu ya chuma siku rangi ilipopakwa. Ikafungiwa ndani. Chumvi inavuta maji, inayapitisha kwenye rangi taratibu, mpaka rangi inavimba. Rangi hapa ni nene sana, angalia. Unene haukusaidia. Ni sawa na kumfunika mgonjwa mablanketi matano bila kumpa dawa."

Nilimtazama shemeji. Kile kidole alichokilamba alikuwa bado amekishika mbele yake, kama kimeungua. Ile miaka yote aliamini kwamba angepaka mara nyingine moja tu, gati lingepona. Wakati ule walisugua kutu kwa brashi ya waya, wakapiga rangi juu yake asubuhi ile ile upepo wa bahari ukivuma. Hakuna aliyeosha. Hakuna aliyewaambia waoshe.

"Mablanketi matano," alirudia polepole.

Angekuwa mtu mwingine, somo hilo lingemtosha. Lakini kichwa kilielewa, mkono haukuwepo darasani.

Siku ya jaribio la kwanza alivaa ovaroli safi, akashika bunduki kama anayepokea mtoto mchanga. Nilimchanganyia zinki mwenyewe. Alianza vizuri. Akapita mara moja, bamba likageuka kijivu kizuri chenye unyevu. Mkaguzi akasema, "Basi." Shemeji akasikia "basi," nami niliona ameisikia, ila mkono ukarudi. Ukarudi tena. "Kona hii tu," alisema. "Hapa panaonekana vibaya."

Mkaguzi hakumzuia. Aliandika kitu akaondoka.

Siku iliyofuata tulilikuta bamba limekauka na kupasuka nyufa ndogondogo kila upande, kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Kimashine kilisoma mia mbili na thelathini. Pembeni kilisoma mia mbili na sabini.

"Zinki ikizidi unene inapasuka ikikauka," mkaguzi alisema. "Kwenye gati, hii ingebidi ipigwe mchanga yote, ianzwe upya."

"Lakini mama, nimekupa zaidi ya ulichoomba."

"Baba, mimi siyo harusi."

Mafundi wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Nyapara, ambaye hakosi nafasi, alimwonyesha yale magunia yaliyopangwa ukutani na kusema, "Yale yanapenda mkono mzito."

* * *

Alibakiwa na nafasi moja na wiki ya kungoja. Mimi nilimwazima kitana cha ziada kutoka stoo. Ni kipande cha chuma chenye meno yaliyopunguzwa ngazi ngazi. Unakichomeka kwenye rangi mbichi, unaangalia jino gani la mwisho limelowa, unajua unene kabla haijakauka. Rangi ikikauka inasinyaa, maana kimiminika chake kinaruka hewani, kwa hiyo fundi lazima ajue mbichi ngapi itabaki kavu ngapi.

Nilimpa ili ajizoeze kwenye bati. Sikujua angekipeleka jikoni.

Dada alinipigia simu asubuhi. "Njoo umchukue shemeji yako."

"Kafanya nini?"

"Anapima siagi."

Nilipofika nilimkuta mezani, mkate mbele yake, amechomeka kitana kwenye siagi, anakodoa macho. Mwanawe alikuwa anasubiri kula kwa uvumilivu wa mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

"Mia nne," alitangaza shemeji kwa huzuni, akaanza kukwangua.

"Mwache mtoto ale," dada alisema. "Mimi niliolewa na mkono mzito. Sikuolewa na mkaguzi."

"Mke wangu, nikishindwa Jumatatu nabeba magunia."

Hapo dada akasogea mezani. Alijua maana ya magunia. Yeye ndiye aliyekuwa akisikia mtaani kabla hajasikia mumewe, "mke wa Maganda" bombani, "mke wa Maganda" dukani. Akamnyang'anya kitana, akakipangusa siagi kwa kona ya kanga.

"Haya. Hiyo bunduki unaishikaje?"

Akamweleza. Umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, isimame wima, isiyumbishwe kama feni kwa sababu katikati itakuwa nene na pembeni nyembamba. Kila mpigo upande juu ya nusu ya mpigo uliopita. Uanze kutembea kabla ya kubonyeza, uachie kabla ya kusimama.

"Kumbe ni kudeki," dada alisema. "Hujawahi kudeki, ndiyo maana hujui."

Akaanika shuka kubwa uani, akampa mumewe kipini cha ufagio, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza kumfundisha. "Twende. Achia. Rudi. Nusu juu ya nusu. Usirudie kona. Nimesema usirudie kona." Shemeji alitembea mbele ya shuka jeupe, ufagio mkononi, miguu ikifuata mkono, huku na huku, jasho likimtoka. Kila alipofika kwenye kona, mkono ulianza kurudi, na dada alikohoa.

Majirani walijaa ukutani.

"Maganda anafanya nini?"

"Anapaka shuka."

"Kwa rangi gani?"

"Bado hajanunua."

Dada aliwageukia bila kuinuka. "Ninyi ambao shuka zenu haziogopi kuonekana, njooni mjifunze." Ukuta ukapungua watu.

Ilipofika Jumapili jioni shemeji alikuwa anatembea mbele ya shuka vizuri kama mtu anayesoma kitabu, mstari baada ya mstari. Tatizo ni kwamba nyumba nzima ilikuwa imekuwa nyembamba. Mkate ulikuwa na kivuli cha siagi. Chai ilikuwa na kumbukumbu ya sukari. Aliponiaga mlangoni alinishika bega kwa vidole viwili, akaachia kabla hajasimama.

* * *

Jumatatu alipaka bamba la pili bila kurudia kona hata moja. Mkaguzi alisema "basi" na shemeji akaachia kifyatulio kana kwamba kimeungua. Sisi wote tulivuta pumzi. Hata nyapara alisema, "Aisee."

Kesho yake kimashine kikagusishwa hapa na pale. Hamsini na tano. Hamsini. Arobaini na sita. Hamsini na mbili. Arobaini na tatu.

Mkaguzi alirudia upya. Akakijaribu kimashine chake kwenye kibamba cha kupimia, kilikuwa sawa. Akakirudisha mkobani.

"Wastani haufiki sitini. Na kuna mahali palipo chini ya arobaini na nane."

"Nimepunguza mno," shemeji alisema.

"Umepunguza mno."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alivua glovu moja, kisha akaivaa tena, akaangalia magunia.

"Naanzia yale ya mlangoni?" aliuliza.

"Bado kuna jaribio la brashi," mkaguzi alisema. "Liko kwenye masharti, na kila mtu atalifanya."

Jaribio la brashi tulikuwa tumelisahau wote. Kabla ya tabaka la kati, masharti yalitaka kila ukingo, kila bolti na kila mshono wa kulehemu upakwe epoksi kwa brashi kwanza, ndipo bunduki ipite. Wale vijana wa bunduki walilichukulia kama adhabu. Walipitisha brashi haraka, huku wakizungumza mpira, kama mtu anayepaka chokaa kwenye jiwe la barabarani. Shemeji yeye alilifanya kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Alipiga magoti mbele ya pembe ile, akasukuma epoksi kwenye mshono kwa ncha ya brashi, akaizungusha kila nati, akaingia nyuma yake, akarudi ukingoni. Nilimwona akichomeka kitana, akitikisa kichwa, akaongeza kidogo. Mkono wake mzito ulikuwa umefika nyumbani kwao.

Mkaguzi alipita kwenye mabamba yote akiwa na kioo kidogo chenye mpini na lenzi. Ukingoni hakukiamini kimashine. Kwenye ncha, alisema, hudanganya, kwa hiyo huangalia kwa macho. Kwenye bamba la kijana wa kwanza alituonyesha nati iliyopakwa mbele, nyuma iko wazi kama kisogo cha mtu aliyenawa kwa haraka. La pili, ncha ya pembe ilikuwa imejitokeza kijivu chini ya epoksi, maana rangi mbichi huikimbia ncha kali na kujikusanya pembeni. La tatu vilevile.

Kwenye la shemeji alipiga goti. Akaweka kioo nyuma ya bolti. Akazunguka. Akaweka lenzi kwenye mshono. Alikaa hapo muda mrefu, mpaka nyapara akaangalia saa.

"Hii umejifunza wapi?" aliuliza.

"Sikujifunza. Sijui kuacha kidogo."

"Njoo."

Akampeleka chini ya gati, nasi tukafuata. Alimulika tochi kwenye vyuma vya zamani. "Nionyeshe kutu ilipoanzia."

Shemeji alitazama. Alikuwa amelikwepa gati lile kwa miaka, sasa alilitazama kama mtu anayetazama picha yake ya zamani. Katikati ya mabamba, pale palipokuwa pana nafasi, kulikuwa na malengelenge na chumvi. Lakini pale chuma kilipoliwa hadi kikawa chembamba kama karatasi, ilikuwa ni ukingoni. Kwenye bolti. Kwenye mishono. Nati moja ilikuwa imebaki nusu.

"Pembeni," alisema. "Kote pembeni."

"Chumvi nitaishughulikia mimi," mkaguzi alisema. "Nitapima kila nguzo kabla haijapakwa. Kunenepesha katikati bunduki itafanya, vijana wameshapita. Hapa pembeni nataka mtu asiyejua kuacha kidogo. Utapaka kingo za gati zote. Na hakuna bunduki itakayowashwa kwenye kipande chochote kabla wewe hujasema umemaliza."

Tulidhani ataruka kwa furaha. Alikunja uso.

"Mama, unanipa brashi. Brashi tunawapa wanaoanza."

"Unataka bunduki au unataka gati lisioze?"

Maji yaligonga nguzo mara kadhaa. Juu yetu abiria walishuka kwenye kivuko, miguu ikipiga mbao. Ganda moja la rangi lilianguka, likatua begani mwa nyapara, na nyapara akalipangusa bila kusema neno, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

"Nipe brashi mbili," shemeji alisema. "Moja ya kuingia nyuma ya nati."

"Na kitana," mkaguzi akasema. "Hata pembeni kuna mwisho wa juu."

"Najua."

"Hujui. Lakini utajua."

* * *

Vijana wa bunduki ndio walioionja zamu hiyo mpya. Mtu aliyewahi kuambiwa asirudie kona sasa alikuwa mlinzi wa kona zote. Alining'inia kwenye kiunzi, kofia nyuma mbele, kioo cha mkaguzi kikiwa kimefungwa kamba shingoni, na kila alipoona bunduki inanyanyuliwa aliita kutoka huko juu.

"Bado."

"Mzee, ndoo inaganda."

"Igande. Bado nati tatu."

Ndoo ikiganda ni mimi ninayesemwa, kwa hiyo nikaanza kuchanganya kidogo kidogo na kusubiri neno lake. Nyapara alikuja stoo kulalamika kwamba shemeji yangu anachelewesha kazi kwa mapenzi ya nati. Nikamwambia aende kwa mkaguzi. Akarudi, akaniomba chai.

Kazi ilisogea kipande kwa kipande. Asubuhi mkaguzi aligusisha kipimajoto chake kwenye chuma, akapima hewa, akafanya hesabu, akasema ndiyo au ngojeni. Mara moja tulingoja hadi karibu mchana kwa sababu chuma kilikuwa na baridi ya kukaribia umande. Shemeji alitumia muda huo kukwangua ncha za pembe za kipande kinachofuata ziwe mviringo kwa mashine ya kusagia chuma, ili rangi isizikimbie. Hakuna aliyemtuma. Iliandikwa kwenye masharti na alikuwa ameanza kuyasoma, jambo lililomtia hofu kila mtu.

Tabaka la juu la kipande cha kwanza lilipokauka, mkaguzi alikuja kukikagua ili kikabidhiwe. Shemeji hakulala vizuri usiku wake, dada alisema. Alivaa shati la kwendea ugenini ndani ya ovaroli. Mimi nilisimama mlangoni mwa stoo, simu mkononi, dada upande wa pili, maana alikataa kusubiri habari za jioni.

"Wamefika wapi?"

"Anapima katikati."

"Na?"

"Mia tatu thelathini. Mia tatu arobaini. Kinasoma vizuri."

Mkaguzi akarudi kwenye vibonye vidogo vya chuma alivyovibandika kwa gundi jana yake ili kupima rangi inavyoshika, akavivuta kwa mashine yake ya kuvutia mpaka kimoja kikang'oka. Kiling'oka na gundi. Rangi ilibaki kwenye chuma. Shemeji alishusha pumzi iliyosikika hadi stoo.

Kisha kioo. Kisha lenzi. Bolti moja moja, mstari wa chini, mstari wa juu. Mkaguzi alisimama mahali fulani karibu na mwisho, akaweka kidole. Akamwita shemeji. Wakainama wote wawili, vichwa vikikaribiana. Nikaona mabega ya shemeji yakishuka, kisha yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Mkaguzi naye alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, mkono mmoja ukiwa umeukumbatia mkoba wake.

Akatia saini. Nyapara akapeana naye mkono. Shemeji akapita mbele yangu kuelekea kwenye sanduku la vifaa, akaninong'oneza habari, akachukua kipande cha msasa.

"Nini kimetokea?" dada akauliza sikioni mwangu. "Amepita?"

"Amepita. Kipande chote, isipokuwa nati moja."

"Imebaki wazi?"

"Hapana. Ina tone. Linaning'inia kama hereni."

Nilisikia kuku uani kwao, na mtu akipita akimsalimia dada, na yeye akiitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu.

"Ameweka nyingi," alisema.

"Nyingi mno."

"Mwambie akimaliza kusugua aje ale. Nimempaka mkate mwenyewe."